Afidaviti yangu ya kubadili jina imerudishwa na msajili. Kosa liko wapi?

Dama_wa_Gede
Salaam wanajukwaa. Nilisilimu miaka miwili iliyopita, na mwaka jana nikaolewa Lamu mbele ya Kadhi. Kitambulisho changu kina majina matatu: Esther, Kadzo, halafu la baba. Cheti cha ndoa kimeandikwa Salma binti fulani, yaani Salma na jina la baba basi. Esther hayumo, Kadzo hayumo.

Nilikwenda kwa wakili hapa Malindi akaniandikia afidaviti ya kurasa mbili. Nikaapa, nikaambatisha nakala ya kitambulisho, cheti cha kusilimu na cheti cha ndoa, nikapeleka kwa msajili. Jana bahasha imerudi. Hakuna barua ndani, ila kwenye kona ya ukurasa wa kwanza mtu ameandika kwa penseli "majina hayalingani". Sasa si ndiyo sababu naomba yabadilishwe? Mwenye kujua anijuze. Shukrani.

KasukuWaMambrui
Hayo maneno ya penseli yana tafsiri moja, dada: chai. Weka kitu kidogo ndani ya bahasha uone kama majina hayatalingana.

Mzee_Kaunta
@KasukuWaMambrui usimpeleke mtoto wa watu pabaya. Nimekaa kaunta ya ofisi ya wakili tangu enzi za taipureta, na bahasha nyingi nilizoona zikirudi zilikuwa na kosa lao humo humo ndani.

Dama, kabla sijasema neno, nijibu mawili. Umepeleka kwa msajili yupi? Na geuza ukurasa wa mwisho, chini kabisa: jina lililo kwenye "Imeandaliwa na" na jina lililo kwenye muhuri wa kamishna wa viapo ni ya watu wawili au mtu mmoja?

UngujaYangu
Malindi hapo sokoni au kule upande wa bandari? Kama uko Malindi basi nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, mambo yote yako huko, huna haja ya wakili.

Baharini_Shela
@UngujaYangu ndugu yangu, hii ni Malindi ya Kenya, si Malindi ya Mji Mkongwe 😂 Ungemtuma mke wa watu avuke bahari kwa penseli ya karani.

UngujaYangu
Samahanini. Endeleeni, nasoma tu.

Dama_wa_Gede
@Mzee_Kaunta nilipeleka kwa msajili wa watu, wale wa vitambulisho. Na ukurasa wa mwisho... jina ni moja. Yule yule wakili aliyeandika ndiye aliyegonga muhuri. Ni vibaya?

Mzee_Kaunta
Hapo umeshika uzi mmoja. Sheria ya viapo ya Kenya, Sura ya 15, inamkataza kamishna kuapisha katika shauri au jambo ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa mhusika, au ana maslahi nalo. Ndiyo maana zamani bosi wangu akimaliza kuandika alinituma nivuke barabara na mteja mpaka ofisi ya jirani, mteja aape huko. Si uvivu wala si kuwapa jirani biashara. Wakili aliyelipwa kukuandikia hawezi tena kuwa ndiye shahidi asiye na upande kwamba umeapa.

Sasa tazama vielelezo. Zile nakala tatu ulizoambatisha, kila moja ina muhuri wa kamishna na herufi yake, A, B, C? Na pale chini panaposema umeapa, pametajwa mji na tarehe?

Dama_wa_Gede
Tarehe ipo, Malindi ipo. Nakala hazina muhuri wala herufi. Zimebanwa kwa stepla tu.

Mzee_Kaunta
Basi mbele ya macho ya karani hizo ni karatasi tatu zilizofuatana na afidaviti njiani. Kielelezo kinatakiwa kipigwe muhuri wa kamishna na kipewe alama, ili kesho mtu asichomoe cheti cha ndoa akaweka kingine. Stepla hufunguliwa kwa ukucha.

WakiliPembeni
Naheshimu uzoefu wa @Mzee_Kaunta lakini sikubali kwamba hilo ndilo lililorudisha bahasha. Katazo hilo mawakili wengi hulichukulia kuwa la kesi zilizo mahakamani. Afidaviti ngapi za kupotea kwa kitambulisho zimeandikwa na kuapishwa meza moja na zikapita? Karani wa usajili hasomi jina la chini. Anasoma majina. Na amesema mwenyewe: hayalingani.

Mzee_Kaunta
Sheria inasema shauri AU jambo, mheshimiwa. Kupita si kuwa sawa. Pikipiki isiyo na taa nayo hupita.

WakiliPembeni
😂 Sawa mzee. Tuseme yote mawili. Lakini nauliza la maana zaidi: Dama, kifungu cha kwanza cha afidaviti yako kinaanzaje? Ninukulie neno kwa neno.

Dama_wa_Gede
Ni ya Kiingereza, naitafsiri: "Mimi, Salma, mkazi wa Gede, ninaapa na kusema kwamba mimi ndiye mwenye kuapa hapa na niko na akili timamu." Cha pili: "Kwamba nilisilimu na kuchukua jina la Salma." Cha tatu: ndoa. Cha nne: "Kwamba naomba kitambulisho changu kibadilishwe kisomeke hivyo."

WakiliPembeni
Ndio huo ugonjwa. Hakuna mahali umeapa kwamba Esther Kadzo wa kitambulisho namba fulani na Salma wa cheti cha ndoa ni mtu mmoja. Msajili ana faili la Esther. Analetewa kiapo cha Salma, mtu asiyekuwemo kwenye vitabu vyake, akimwomba abadilishe kitambulisho cha mwingine. Wewe ungefanya nini?

MamaMikokoni
Hodi. Mimi yangu yalipita na afidaviti tupu, bila makuu haya yote. Niliongeza jina la mume nyuma. Cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho chake, afidaviti, nikachukuliwa alama za vidole upya, nikasubiri. Kitambulisho kikaja, namba ile ile. Kwa hiyo Dama rudi tu, usikubali kuzungushwa na mawakili, wanataka pesa.

WakiliPembeni
@MamaMikokoni yako ilikuwa ndoa. Ulikuwa na majina yako yote, ukaongeza la mume, na cheti cha ndoa kilikuwa na jina lile lile la kitambulisho. Sivyo?

MamaMikokoni
Ndivyo. Kwani tofauti ni nini? Jina ni jina.

WakiliPembeni
Tofauti ni kwamba wewe hukuacha jina. Dama anaacha mawili na kuchukua jipya la kwanza. Afidaviti inasema "mimi nina majina haya, yote ni yangu". Haisemi "lile nimelitupa". Ya kutupa ni didi poli, ile hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, halafu tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la serikali. Ukisoma gazeti la Ijumaa utaona ukurasa mzima: fulani, zamani akijulikana kama fulani, ameliacha kabisa jina lake la zamani na sasa aitwe hivi kwa mambo yote. Wanaosilimu wa Pwani wamejaa humo, na wanaobatizwa pia.

Baharini_Shela
Kwa hiyo kuna wasajili wangapi jamani? Mimi nikisikia msajili namjua mmoja tu.

Mzee_Kaunta
Hapo ndipo watu hupoteza nauli. Wako watatu, kila mmoja na kitabu chake. Msajili wa watu ana kitambulisho. Msajili wa vizazi na vifo ana cheti chako cha kuzaliwa. Msajili wa Hati ndiye wa didi poli, na sisi wa Pwani rejista yetu iko Mombasa, huna haja ya kupanda gari mpaka Nairobi. Wa kwanza hawezi kufanya kazi ya wa tatu. Na wa pili usimsumbue: cheti cha kuzaliwa kinaeleza siku uliyozaliwa, na siku hiyo hukuwa Salma. Nafasi ya kubadili jina la mtoto kwenye rejista ya vizazi ni ndani ya miaka miwili tangu aandikishwe.

Tangawizi
Hapo kwa mtoto @Mzee_Kaunta. Wangu ana miaka mitano, ameandikwa Mohamed na baba yake anataka Muhammad. Nahitaji didi poli kwa herufi tatu?

Mzee_Kaunta
@Tangawizi hilo si la uzi huu, lakini kwanza muulize baba yake jina lake mwenyewe limeandikwaje. Nimeona nyumba moja ina Mohamed, Mohammed na Muhamad, na wote ni baba na wana.

Ustadh_Garsen
Assalaam alaykum. Naona mnaruka mbio kwenye karatasi kabla ya kumuuliza dada kama analazimika. Kusilimu hakumlazimishi mtu abadili jina, isipokuwa jina lenye maana mbaya au la kuabudu asiyekuwa Mungu. Umar aliitwa Umar kabla ya Uislamu, Bi Khadija hali kadhalika, Bilal hali kadhalika. Mtume alimbadili mwanamke aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Esther ni nyota, haina ubaya. Na jina la mume nyuma ya jina la mke ndilo lisilokuwa na asili kwetu: "Waiteni kwa baba zao", Suratul Ahzab aya ya 5.

MamaMikokoni
Ustadh, aya ile si ya watoto wa kulea?

Ustadh_Garsen
Iliteremka kwa hao, hukumu yake imeenea. Wako wanaosema ukiongeza jina la mume kwa kujitambulisha tu si haramu. Siwezi kukufungia kitambulisho chako mama.

Bwana_Mkunguni
Sisi Waamu twasema "ina", na ina la mwanamke halitoki kwa babake hata aolewe mara saba. Nyanyangu aliolewa mara tatu, ukimwita kwa mume yeyote haitiki. Haya ya kubeba jina la mume yamekuja na fomu za serikali.

Dama_wa_Gede
Jina la baba nabaki nalo, hilo halijawa tatizo. Mume wangu hata hajaomba lake. Tatizo langu ni Salma. Niliambiwa bila kubadili jina Kadhi hatanifungisha ndoa.

Ustadh_Garsen
Aliyekuambia hakuwa Kadhi. Kadhi anataka kujua wewe ni Muislamu, ndiyo maana ya kile cheti cha kusilimu. Huenda karani aliuliza "jina lako la Kiislamu?" ukajibu Salma, naye akaandika alichosikia.

Dama_wa_Gede
Wallahi ndivyo ilivyokuwa. Aliuliza hivyo hivyo.

WakiliPembeni
Na hapo ndipo lilipoanzia, siku ya harusi, kabla ya afidaviti. Karani angeandika "Esther Kadzo fulani, ambaye pia ni Salma", leo usingekuwa na kazi. Msio na vyeti bado msome hapa: siku ya ndoa mpe karani kitambulisho, aandike kilicho humo, na jina jipya alitie pembeni.

Dzuwa_Tsho
Mimi naomba niseme jambo ambalo si la sheria. Dada, Kadzo si jina la kanisani. Kadzo ni la kwetu, na kama nyumba yenu ni kama yetu umepewa la nyanya yako, ukiitwa wewe ni kama ameitwa yeye. Umesilimu, sawa, Esther ungelitupa tu. Kadzo amekosa nini?

Dama_wa_Gede
@Dzuwa_Tsho umenigusa. Ni la nyanya mzaa baba. Mamangu hakunigombeza kwa kusilimu, alinigombeza kwa hilo. Alisema "nyanyako umemweka wapi?" Mimi sikujua kama naweza kubaki nalo. Fomu ya wakili ilikuwa na nafasi mbili tu, jina jipya na jina la baba, nikajaza.

KasukuWaMambrui
Ebu, fomu imemnyang'anya mtu nyanya.

Mzee_Kaunta
Didi poli haina nafasi mbili. Unaandika unavyotaka: Salma Kadzo na la baba. Ninyamaze kwa wanasheria, lakini nitakueleza ilivyokwenda ya binti mmoja niliyeishika mkononi mwanzo mpaka mwisho, ujue kazi yenyewe.

Alikuwa kama wewe, kitambulisho cha jina la ubatizo, ndoa ya jina jingine. Wakili akaandika hati ya aya tatu. Ya kwanza, naacha jina la zamani. Ya pili, kuanzia leo nitatumia jipya katika rekodi na sahihi zangu zote. Ya tatu, naomba na kuruhusu kila mtu aniite kwa jipya. Chini akatia sahihi mbili, moja ya jina jipya na moja ya jina la zamani, shahidi akiwa anatazama. Ile sahihi ya zamani watu hucheka, lakini ndiyo inayokufunga na faili lako la kitambulisho. Aliyekosa kuitia alirudishwa.

Pembeni ya hati ilikwenda afidaviti, na hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu anayemjua kwa miaka mingi, aape kwamba yule wa zamani na huyu wa sasa ni mmoja. Alimleta mwalimu wake wa msingi. Ikaambatishwa nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Mombasa wakasajili, hati ikarudi imeandikwa nambari ya kuwasilishwa, juzuu, folio na faili. Hizo nambari nne ndizo uhai wake. Tangazo kwenye Gazeti Rasmi huzitaja, na tangazo likikosea tarakimu moja unaanza kuomba tangazo la masahihisho. Binti yule alikosewa folio. Tulingoja Ijumaa nyingine, na nyingine.

Gazeti lilipotoka ndipo akaenda kwa msajili wa watu, na cheti cha ndoa nacho. Hakuulizwa neno.

MamaMikokoni
Na pesa?

Mzee_Kaunta
Ada za serikali si kubwa. Kubwa ni ya wakili, na hiyo mnapatana.

WakiliPembeni
Nyongeza moja kwa Mzee: namba ya kitambulisho haibadiliki, kama alivyosema @MamaMikokoni. Hiyo ndiyo inayokuokoa benki, KRA na kwenye laini ya simu, maana kote huko wanakutafuta kwa namba kwanza. Lakini kila mahali uende mwenyewe na nakala, hakuna anayewajulisha. Shida ni vyeti vya mtihani. Vile vinabaki na jina ulilofanyia mtihani, kwa hiyo hifadhi didi poli pamoja navyo maisha yako yote. Ukienda kuomba kazi, hivyo viwili vitembee pamoja.

Mchumvi_wa_Gongoni
Na shamba? Mke wangu ana hati ya shamba kwa jina la zamani, alibadili kitambulisho miaka ya nyuma. Juzi tunataka kugawia watoto, ofisi ya ardhi inasema mwenye hati ni mtu mwingine.

Mzee_Kaunta
Peleka didi poli kwa msajili wa ardhi, jina libadilishwe kwenye rejista KABLA ya kugawa. Kama alibadili kwa afidaviti tu, jiandae kuzunguka.

Mchumvi_wa_Gongoni
Ilikuwa afidaviti tu. Wakati ule ilipita.

MamaMikokoni
Unaona @WakiliPembeni! Ilipita!

WakiliPembeni
Ilipita kwenye kitambulisho, imekwama kwenye shamba. Sijui nani amemshinda mwenzake hapo.

KasukuWaMambrui
Mimi bado nasema penseli ile ilitaka chai.

Baharini_Shela
Swali la kijinga: kwani Dama hawezi kuacha kitambulisho kama kilivyo, akaapa tu kwamba Esther na Salma ni mtu mmoja, akaishi zake? Nyumbani aitwe Salma, ofisini Esther. Mamangu ana majina manne na hajawahi kuapa.

Ustadh_Garsen
Kisheria ya dini hana kosa.

WakiliPembeni
Anaweza. Afidaviti ya mtu mmoja, iandikwe vizuri, vielelezo vipigwe muhuri, itamfaa kwenye jambo la ndoa, urithi, hata hospitali akijifungua. Haitambadilishia kitambulisho. Ni bei nafuu pia. Ubaya wake ni kwamba utaitembeza kila pahali, na kila karani ana siku yake.

Mzee_Kaunta
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na wakili, ila aapishwe na kamishna mwingine.

WakiliPembeni
Mzee hajaachia 😂

Dama_wa_Gede
Nimesoma yote, asanteni. Leo asubuhi nilirudi kwa wakili. Alinikasirikia kidogo kuhusu muhuri, akasema amefanya hivyo miaka yote, kisha akampigia simu jirani yake wa ghorofa ya chini, nikashuka kuapa huko. Hii ya sasa ni ya mtu mmoja, kifungu cha kwanza kinaanza na jina la kitambulisho na namba. Nakala zina A, B na C.

Didi poli bado nafikiria. Mume anasema nifanye, mama anasema kama Kadzo anabaki hana neno.

Dzuwa_Tsho
Salma Kadzo. Linasikika.

Bwana_Mkunguni
Likitoka gazetini tuwekee picha. Na @Tangawizi umemuuliza mumeo?

Tangawizi
Nimemuuliza. Lake lina "e" moja na "m" tatu. Tumeacha.